Taa ya ukutani ya kuchomeka kwa chumba cha kupanga

Juzi nilikuwa Igoma kwa mdogo wangu, kapanga chumba kina soketi moja tu karibu na mlango na taa moja ya darini, kitanda kiko ukuta wa mbele na yeye anasoma usiku. Mama mwenye nyumba hataki ukuta uchimbwe kupitisha waya, na ana haki yake. Tukaweka taa ya ukutani ya kuchomeka, naandika tulivyofanya maana wengi mnaniuliza.

Kwanza uamue, ya kuchomeka au ya betri. Mimi taa inayowaka masaa matatu kila usiku naipa umeme, betri utazinunua mpaka uchoke. Ya betri naiweka pale panapohitaji mwanga dakika chache, kama ndani ya kabati.

Hatua ya 1: pima waya. Usipime hewani, fuata njia waya utakapopita. Kwake ilikuwa kushuka kutoka kwenye taa mita 1.2, kutambaa chini ya ukuta mita 3, kupanda kwenye soketi sentimita 30, jumla mita 4.5, tukanunua 5. Taa ilikuja na waya wa mita 1.5. Tafadhali usiunge kwa soloteipu, fungua taa utoe ule waya wote ufunge mrefu mzima. Waya laini wa milimita za mraba 0.75 unatosha kabisa, balbu ya LED ya wati 7 hata nusu ampia haifiki. Kama taa ina mwili wa chuma nunua waya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na njano ni athi na lazima ufungwe kwenye chuma.

Hatua ya 2: plagi. Kahawia ni moto, inakwenda upande wa fyuzi, bluu ni nyutro, na ule wa kijani na njano kama upo unakwenda kwenye athi. Kile kibano cha ndani kibane ganda la nje la waya, sio nyuzi zenyewe, la sivyo siku mtu akijikwaa kwenye waya nyuzi zinachomoka. Toa fyuzi ya ampia 13 weka ya ampia 3, ili waya ukipata shoti fyuzi iungue mapema kabla waya haujapata moto.

Hatua ya 3: kutoboa ukuta. Hapa ndipo kwangu mwaka jana nilipoteza jioni nzima, roplagi, kile kiplastiki cha kushika skrubu, inazunguka tu ndani ya tundu na skrubu haikazi, natoboa lingine pembeni nalo hivyo hivyo, mwisho kipande cha plasta kikabanduka. Sababu ni plasta yenye mchanga mwingi, na unene wake ni kama sentimita moja na nusu au mbili, kwa hiyo roplagi fupi inaishia kwenye plasta tupu na haigusi tofali. Sasa nafanya hivi: kwanza naangalia nisitoboe juu wala chini ya soketi au swichi yoyote, maana waya za ndani kawaida zinapanda wima hapo. Nabandika masking teipu, natoboa plasta kwa biti ya ukuta ya milimita 6 bila kuwasha nyundo ya drili, taratibu, mpaka nasikia mkono unagoma, hapo nimefika kwenye tofali ndo nawasha nyundo naendelea mpaka kina cha sentimita 5. Napuliza vumbi lote litoke. Roplagi iingie kwa kugongwa kidogo, ikiingia kwa kidole tu ujue tundu limepanuka. Likipanuka usijaze njiti za kiberiti kama mafundi wengine, mti ukikauka unanywea na taa inalegea. Koroga saruji kidogo na maji iwe nzito, jaza tundu, ingiza roplagi, acha mpaka kesho. Najua inaudhi kusubiri, lakini mpaka leo ya kwangu haijatikisika.

Hatua ya 4: funga taa, bana waya kwa klipu, chomeka.

Balbu chukua ya njano. Kwetu huku karibu na ziwa wale wadudu wakija wanafuata mwanga, na mweupe mkali unawavuta zaidi kuliko wa njano.

Ya kabatini tuliweka ya betri yenye sensa, inatumia betri tatu ndogo. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, mwanga ukifubaa kidogo taa sio mbovu. Kabati lake ni la kujengewa, ndani ni ukuta wa rangi, na gundi ya nyuma ya hizi taa haishiki rangi inayotoa unga. Pitisha kiganja ukutani, kikitoka cheupe usihangaike na gundi. Sisi kilitoka cheupe, tukatoboa tundu jingine moja na saruji iliyobaki ikatufaa.