Somo: Kuchora mwendo kwa njia ya Giacomo Balla, na pale njia hiyo inapokwama

Ndugu wanachama, leo tunachukua penseli na kuchora mguu unaotembea. Tutafuata njia aliyoitumia mchoraji Mwitalia Giacomo Balla mwaka 1912 katika picha ya mbwa aliyefungwa mnyororo. Kabla ya kuchora, tujue kwanza yeye na wenzake walikuwa wanatafuta nini.

Februari 1909 mshairi Marinetti alichapisha ilani ya Ufuturisti, harakati ya wasanii wa Italia walioabudu mashine na kasi, katika gazeti la Paris, Le Figaro. Aliandika kwamba gari linalonguruma lina uzuri zaidi kuliko sanamu ya Ushindi wa Samothrake, ile ya Kigiriki inayotunzwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Ushairi unaweza kutamka neno kama hilo na kupita. Mchoraji ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu turubai halisogei. Aprili 1910 wachoraji watano, yaani Boccioni, Carrà, Russolo, Balla na Severini, walitoa ilani yao wenyewe, na ndani yake mna sentensi ninayoiona kuwa ndiyo ufunguo wa somo hili: farasi anayekimbia hana miguu minne bali ishirini, na miendo ya miguu hiyo ina umbo la pembetatu.

Wengi huikumbuka ile ishirini na kuisahau pembetatu. Mguu umeshikwa juu, kwenye nyonga, na huku chini unakwenda mbele na kurudi nyuma. Eneo unalolifagia ni pembetatu yenye ncha nyongani. Ukiliona hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua ya kwanza: amua jicho lako limesimama wapi

Mwaka huohuo wa 1912 Balla alichora picha mbili zenye majibu tofauti. Katika ile ya msichana anayekimbia barazani, jicho limetulia mahali pamoja. Nondo za wima za baraza zimesimama, naye msichana amerudiwarudiwa akipita kutoka upande hadi upande, mwili mzima, kwa mabaka makubwa ya rangi.

Katika picha ya mbwa, jicho linatembea pamoja na mbwa. Kiwiliwili chake, mbwa mdogo wa miguu mifupi, kimebaki karibu mahali pamoja. Vilivyorudiwa ni miguu, mkia, masikio, mnyororo uliochorwa kama matao manne, na, chini ya pindo la gauni jeusi, miguu ya mwanamke aliyeushika mnyororo. Ardhi nayo imechorwa kwa michirizi, kwa sababu kwa jicho linalomfuata mbwa, kinachokimbia ni ardhi.

Chagua moja. Ukizichanganya bila kujua, msomaji wa picha ataona watu kadhaa wamepanga foleni. Leo tunafuata ya mbwa.

Hatua ya pili: pata nyakati za mwendo

Balla alizijua picha za Étienne-Jules Marey, mwanafiziolojia wa Ufaransa, ambaye mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde. Baadaye Marey alizikusanya nyakati nyingi juu ya bamba moja la kioo. Wewe una simu. Iweke juu ya meza au ukuta mfupi, isishikwe mkononi, na umrekodi mtu akipita mbele yake kwa ubavu, mchana kwenye mwanga mwingi.

Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Mtu anayetembea kawaida humaliza mzunguko mmoja wa mguu, kutoka kisigino kukanyaga hadi kisigino kilekile kukanyaga tena, kwa muda wa sekunde moja hivi. Ukichukua kila fremu ya tatu, utapata kama kumi. Hizo zinatosha mguu mmoja. Anza na mmoja tu.

Hatua ya tatu: hamisha michoro

Weka alama ya nukta kwenye nyonga, goti na kifundo katika kila fremu. Kisha zifuatishe zote kwenye karatasi moja, ukiipandisha nyonga ya kila fremu juu ya mstari mmoja wa wima. Hapo umeondoa safari ya kwenda mbele na kubakiza kazi ya mguu. Lakini usiziminye nyonga zote ziwe nukta moja. Mwili wa mtembeaji hupanda na kushuka kidogo, na ukiufuta mwinuko huo mguu utaonekana umepigwa msumari ukutani.

Sasa tazama nukta za vifundo. Hazikupangika kwa nafasi sawa. Zimesongamana mbele na nyuma, pale mguu unapopunguza kasi ili ugeuke, na zimeachana pale mguu unaporushwa kwenda mbele. Msongamano huo ndio unaoliambia jicho kwamba kitu kimekwenda na kurudi. Anayebuni miguu kichwani bila kutazama huipanga sawasawa kama tindi za gurudumu la baiskeli, na mchoro wake hufa palepale.

Hatua ya nne: punguza

Marey alikutana na tatizo utakalokutana nalo sasa: nyakati nyingi juu ya bamba moja hubanana, na mwili unageuka kuwa doa jeupe. Alimvika mtu nguo nyeusi tupu, akambandika mistari myeupe kwenye mkono na mguu, akampitisha mbele ya ukuta mweusi. Kilichobaki kwenye picha ni mistari, na kila wakati wa mwendo ulisomeka.

Nasi tufanye hivyo kwa kifutio. Bakiza kwa ukamilifu miguu miwili tu, wa mwisho mbele na wa mwisho nyuma. Ya katikati ipoteze mnofu: mmoja uwe ukingo wa mbele tu, mwingine uwe kiatu bila paja, mwingine kivuli chepesi. Juu, karibu na nyonga, paka giza moja lisilogawanyika, kama Balla alivyoliacha gauni. Hapo ndipo jicho linaposhika ili lisipotee.

Hatua ya tano: ardhi

Chora michirizi chini ya mguu, mirefu na isiyolingana unene, ikielekea upande wa safari. Kisha jaribu: ifunike michirizi kwa karatasi nyeupe. Mtembeaji wako atakuwa anapiga hatua palepale bila kusogea. Ifunue, na ataanza kwenda. Kama hakuna tofauti kati ya hali hizo mbili, michirizi yako ni myepesi mno au inakwenda kila upande.

Pale njia hii inapokwama

Mchoro huu unaonesha kwamba muda umepita, lakini kasi hauioneshi vizuri. Mguu wa mzee anayetembea polepole ukichorwa hivi utafanana sana na wa kijana mwenye haraka. Tena, gari halina miguu. Ukilirudia gari mara kumi unapata magari kumi.

Boccioni aliliona hilo, na alitaka mwendo uchorwe kama kitu kimoja kisichokatwa vipande. Jibu ninalolipenda zaidi ni la Luigi Russolo, katika picha yake ya gari ya 1912–13, mali ya jumba la makumbusho la Pompidou, Paris. Gari halikurudiwa hata kidogo. Russolo alikata nafasi nzima kwa kabari zenye ncha, moja ndani ya nyingine, zote zikielekea liendako gari, kana kwamba hewa na mtaa vimekunjwa kwa msukumo. Wafuturisti waliziita kabari hizo mistari ya nguvu. Kwa mguu tumia njia ya Balla, na kwa pikipiki au treni jaribu ya Russolo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimefuata hatua zote lakini mdogo wangu anasema nimechora tandu. Nimekosea wapi?*

Mara nyingi sababu ni uzito sawa. Kama kila mguu una giza lilelile na ukingo uliokamilika, jicho linahesabu miguu badala ya kuona mguu mmoja ukienda. Rudi hatua ya nne, ufute kwa ujasiri zaidi. Pia angalia juu: kama mapaja yanaonekana kila moja peke yake hadi nyongani, yaunganishe kwa giza moja.

*Shikamoo mwalimu. Nilirekodi jioni na kila fremu imetoka na ukungu. Je, siwezi kuuchora ukungu wenyewe? Nao si mwendo?*

Marahaba. Swali lako liliwagombanisha Waitalia wenyewe. Anton Giulio Bragaglia alipiga picha kwa kuiacha kamera wazi mtu akiwa anasogea, ili njia yote ya mkono ibaki kama moshi, na alisema hiyo ni kweli zaidi kuliko nyakati zilizokatwa za Marey. Wachoraji, Boccioni akiwa mbele, walimkana hadharani mwaka 1913. Mimi naona ukungu unafaa katikati ya mwendo tu. Miisho miwili inahitaji ukingo mkali, kwa hiyo rekodi tena mchana upate hiyo miisho, kisha uchanganye na ukungu ulionao.

*Hawa si ndio waliosifu vita? Kwa nini tujifunze kwao?*

Ndio hao. Ilani ya 1909 iliitukuza vita na kuwadharau wanawake waziwazi, na baadaye Marinetti alimuunga mkono Mussolini. Jirani zetu Waethiopia wanakijua kilichofuata: Italia iliivamia nchi yao mwaka 1935 na kutumia gesi ya sumu, na Marinetti alijitolea kwenda kupigana upande wa wavamizi. Sitaki tuyafiche hayo. Kuabudu mashine na kasi kulikuwa njia mojawapo ya kufika huko, kwa sababu mtu aliyepondwa na mashine hakuwa na nafasi katika sifa zao. Boccioni mwenyewe alijiunga na jeshi, akafa mwaka 1916 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi mazoezini. Hesabu ya mguu tunayojifunza leo ilitoka zaidi katika maabara ya Marey kuliko katika kelele za Marinetti, nami naifundisha kwa sababu inafanya kazi.

*Mistari ya nguvu ya Russolo ina tofauti gani na ile ya katuni, inayochorwa nyuma ya mtu anayekimbia?*

Ya katuni inabaki nyuma na kuonesha mahali kitu kilipotoka. Kabari za Russolo zimelitangulia gari pia, kwa hiyo unahisi kile kinachosukumwa. Jaribu hivi: chora pikipiki ndogo kwa umbo rahisi kabisa, kisha kabari nne au tano. Ya mbele iwe na ncha kali, na zinazofuata nyuma zifunguke zaidi kila moja. Ukizipa zote pembe sawa zitageuka kuwa pambo la kitambaa.

*Mwalimu, kama nina rangi za maji tu, nianze na nini?*

Anza na michirizi ya ardhi, iache ikauke kabisa. Kisha miguu ya katikati kwa maji mengi na rangi kidogo, ikauke tena. Miguu miwili ya mwisho na giza la nyonga vije mwishoni kwa rangi nzito. Ukianza na giza, maji ya miguu ya katikati yatalifumua na rangi itamwagikia chini.