Kabla ya kuomba kazi, wapelekee wazo moja

Ukiitaka kazi kwenye kampuni inayouza tiketi za boti mtandaoni, kwanza nunua tiketi kama abiria. Mimi nilikuta tiketi ya Kiswahili imeandikwa "Saa 7:00", kumbe boti inaondoka saa moja asubuhi. Mtu wa Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, ataisoma saa saba mchana, afike bandari ya Malindi mjini Zanzibar boti ishafika Dar zamani.

Nikamwandikia baruapepe mkuu wa kitengo kinachoajiri, si anuani ya jumla ya ofisi. Kichwa: "Saa kwenye tiketi ya Kiswahili". Baada ya salamu, sentensi nne tu: nilichokiona, picha ya skrini, nani anaumia, na dawa yake, yaani iandikwe "saa 1:00 asubuhi (07:00)". Nikamalizia: "Nafasi mliyotangaza nitaiomba wiki hii, ila hili nimeona lisingoje."

Wasifu sikuambatisha. Ukiuambatisha, barua inageuka ombi la kazi na huenda ikapelekwa utumishi bila kusomwa. Wala usiandike "wateja wengi wanachelewa" ikiwa huna hesabu. Takwimu wanazo wao, wewe sema "huenda", uwaombe waangalie.