Somo: Ukilipia kusomewa karata za mapenzi, kagua hivi ulichoambiwa

Dada mmoja aliniletea maandishi aliyotumiwa na msoma karata aliyemlipa. Nimeruhusiwa kuyatumia. Swali lake lilikuwa: "Mwenzangu amekuwa kimya wiki tatu. Nifanye nini?" Zikatoka karata tatu za taroti: Vikombe Viwili, Panga Nane na Kijana wa Vikombe. Jibu likaja hivi:

"Una moyo safi, unatoa kuliko unavyopokea. Unaonekana mchangamfu lakini ndani una maumivu usiyomwambia mtu. Kuna mwanamke wa karibu amewafunga. Usipofunguliwa kabla mwezi haujaandama, huyo umempoteza."

Hatua ya 1: Kila sentensi iulize imetoka karata gani. Yaandike maneno yote, kisha mbele ya kila sentensi andika jina la karata. Hapa sentensi mbili za mwanzo hazina karata. Zingeweza kuandikwa hata kabla karata hazijachanganywa.

Hatua ya 2: Mpe mtu mwingine asome. Usimwambie ni za nani, muulize tu kama zinamhusu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawataka wayapime kwa alama 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Nani asiyehisi kwamba anatoa kuliko anavyopokea? Sifa ya namna hiyo tunaipokea haraka kwa sababu tuna kiu nayo, hasa moyo ukiwa umeumia.

Hatua ya 3: Tafuta vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: adui asiyetajwa, muda unaokimbia, na dawa iliyo mikononi mwa yuleyule aliyekutisha. Kimoja peke yake huenda ni uzembe wa lugha. Vikikutana vitatu, unauziwa hofu. Dada huyu aliambiwa bei ya "kufunguliwa" siku iliyofuata, na ilikuwa kubwa kuliko ya kusomewa.

Hatua ya 4: Itazame karata yenyewe. Hapa ndipo ninapokaa sana. Kwenye seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa mwaka 1909, ambayo wengi wetu tunaitumia, Panga Nane inaonyesha mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, na panga zimechomekwa ardhini kumzunguka. Msoma karata aliona kamba akasema "umefungwa". Lakini tazama tena: miguu haikufungwa, mbele yake hakuna upanga, na aliyemfunga hayumo pichani. Huyo mwanamke wa karibu katokea wapi?

Usomaji wenye mashiko wa karata hizohizo ungekwenda hivi: "Vikombe Viwili ni watu wawili wanaopeana vikombe, kwa hiyo nauona msingi wa kupeana sawa. Panga Nane inaonyesha mtu aliyejizuia kwa sababu haoni njia. Je, wiki hizi tatu umemuuliza chochote, au unasubiri? Kijana wa Vikombe anakitazama kikombe chake, samaki katokeza kichwa. Mimi naisoma kama neno dogo la upole, lisilotarajiwa. Ningeanza na ujumbe mfupi wa kumjulia hali. Yeye anawaza nini, karata hizi haziwezi kuniambia."

Kila kauli hapo ina picha inayoishikilia. Unaweza kuipinga, na mwisho wake uko mikononi mwako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, msoma karata wangu aliniambia kuna mtu wa herufi M ameniumiza, na kweli yupo! Alijuaje?

Jibu: Hesabu watu wote unaowafahamu wenye herufi hiyo, ndugu na wenzako wa kazini wakiwemo. Halafu kumbuka alitaja herufi ngapi kabla ya hiyo, na kama alisubiri uso wako ubadilike. Herufi alizokosea huwa tunazisahau, aliyopatia tunaikumbuka.

Swali: Mimi nimeshalipa awamu ya kwanza. Anasema nikiacha katikati mambo yatarudi mara mbili.

Jibu: Pole sana, dada. Simama hapo ulipo, usimtumie kingine, na usibishane naye. Hifadhi ujumbe wote na risiti za malipo, kisha mweleze mtu unayemwamini leo hii, na uulize waliopitisha malipo kama yanaweza kurudishwa. Hilo la "mara mbili" ni Hatua ya 3 imerudi kwa maneno mengine.

Swali: Na karata ya Mnara ikitoka, si ni kuachana tu?

Jibu: Si lazima. Radi inapiga jengo na watu wawili wanaanguka, kwa hiyo kuna kitu kinachobomoka. Kipi? Inategemea umeuliza nini. Kwa aliyeuliza kuhusu siri anayoificha, mimi ningesoma kwamba siri ndiyo itakayobomoka.