Maji Yajaza Ndoo, Majani Yaleta Malai: Mazungumzo na Wafugaji wa Njoro

Hamjambo wazee wangu, akina mama na vijana. Leo sikuja na makaratasi. Nataka tuongee juu ya ng'ombe mmoja tu, Fresheni chotara wa mama mmoja wa hapa Njoro. Yeye mwenyewe ameniruhusu nimsimulie, ila jina lake nitaliacha nyumbani kwake.

Ng'ombe huyu alizaa Oktoba. Novemba, mvua za vuli zikinyesha na nepia ikiwa teletele, alikuwa akitoa lita 14 kwa siku. Ilipofika Februari alikuwa ameshuka hadi lita 9. Mama akaona ng'ombe ana njaa, akamwongezea deri mili kutoka kilo 4 kwa siku hadi kilo 8, kilo 4 asubuhi na kilo 4 jioni, zote wakati wa kukamua. Maziwa yakapanda lita moja, yakasimama. Halafu jirani yake anayenunua maziwa ya kugandisha akaanza kulalamika kwamba malai hayaonekani. Mama akafanya jambo ambalo nimeliona kwa wafugaji wengi: akampunguzia ng'ombe maji, akidhani maji mengi ndiyo yanayofanya maziwa yawe mepesi.

Hapo ndipo nataka tuanzie, maana makosa yalikuwa mawili na yalichanganyika.

Maji anayokunywa ng'ombe hayaendi kwenye maziwa kama mtu anavyoongeza maji kwenye sufuria ya chai. Kiwele hutengeneza sukari ya maziwa, na sukari hiyo ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye damu, kwa kipimo chake. Ndiyo maana maziwa ya ng'ombe aliyeshiba maji na ya ng'ombe mwenye kiu yana maji karibu sawa, takriban sehemu 87 kati ya 100. Ukimnyima maji, maziwa hayawi mazito. Yanapungua lita.

Sasa tuhesabu. Ng'ombe wa kilo 400 hivi anayetoa lita 14 anahitaji maji kama lita 70 kwa siku, na siku za jua kali zaidi ya hapo. Yule mama alikuwa akimpa ndoo mbili za lita 20, moja asubuhi na moja jioni. Jumla lita 40. Mbona Novemba zilitosha? Kwa sababu Novemba alikuwa anakula nepia mbichi kilo 60 kwa siku, na nepia changa ya msimu wa mvua ni maji sehemu 80 kati ya 100. Katika zile kilo 60 kulikuwa na maji lita 48. Ukijumlisha na ndoo mbili unapata lita 88, ng'ombe ameridhika. Februari nepia ilikauka, akabaki na mabua ya mahindi na deri mili. Chakula hicho kizima hakina maji hata ya kujaza kopo la lita 2 vizuri. Hata kabla mama hajapunguza maji, ndoo ni zilezile mbili, lakini ng'ombe amepoteza karibu lita 46 bila mtu kugundua, kwa kuwa maji hayo yalikuwa yakiletwa na panga wala si na mtungi.

Dalili zilikuwepo. Ng'ombe alikuwa akimaliza ndoo kwa mara moja, kisha analamba chini na kuisukuma kwa pua. Kinyesi kilikuwa kigumu kabla hajaongezewa deri mili. Ukiona ndoo tupu imelambwa, usijisifu kwamba ng'ombe wako anakunywa vizuri. Huyo anaomba.

Tulikata pipa la lita 200 kwa urefu, tukaliweka kivulini karibu na kihori, likawa na maji mchana na usiku. Ng'ombe hunywa sana baada tu ya kukamuliwa na katikati ya kula, kwa hiyo maji yasiwe mbali na chakula. Tulikubaliana lioshwe kila siku ya tatu, kwa sababu utando wa kijani ukianza kushika, ng'ombe hunusa na kuondoka. Siku ya nne maziwa yalikuwa lita 11, bila kuongeza chakula chochote.

Sasa malai. Hapa maji hayana kesi.

Mafuta ya maziwa, sehemu kubwa yake, yanaanzia kwenye majani magumu. Vijidudu vya tumboni huyachachusha majani, hutoa asidi ambayo kiwele hugeuza kuwa mafuta. Lakini vijidudu hivyo havipendi tumbo lililochacha. Kinacholipoza tumbo ni mate, na mate huja kwa kucheua. Deri mili haicheuliwi, inamezwa tu. Kilo 4 kwa mpigo huchachuka haraka, tumbo linachacha, vijidudu vya majani vinadhoofika, na malai yanapotea huku lita zikipanda kidogo. Mama aliona ile lita moja akadhani amepata dawa.

Na jambo la pili: mabua alikuwa akiyapitisha kwenye mashine mara mbili hadi yanakuwa kama unga. Ng'ombe hana cha kucheua hapo. Mabua yakatwe urefu wa kidole kifupi, sentimita 3 hadi 5.

Tulirudi kwenye kilo 4 za deri mili kwa siku, tukipunguza polepole, kila mara isizidi kilo 2, na majani yakitangulia. Kwanza tulipima lile gorogoro lake kwenye mzani wa duka. Gorogoro la mahindi halibebi uzito uleule wa deri mili, kwa hiyo pimeni yenu. Akaongeza majani ya viazi vitamu na kunyunyizia molasi iliyochanganywa na maji juu ya mabua ili yaliwe.

Utajuaje tumbo limetulia? Keti na ng'ombe akiwa amelala, hesabu anavyotafuna kila tonge analocheua. Mara 50 hadi 60 ni sawa. Chini ya 40, majani hayatoshi. Angalia na kinyesi: kikiwa chepesi chenye mapovu na chembe za nafaka, deri mili imezidi. Malai yalirudi baada ya wiki tatu hivi, hayarudi kwa siku mbili. Maziwa yalisimama lita 12. Zile 2 zilizobaki si kosa la mtu, ng'ombe akishapita kilele cha maziwa hushuka mwenyewe.

Mzee mmoja ameniuliza mbona laktomita ilisema maziwa ya ng'ombe wa yule mama ni safi. Mzee, laktomita hupima uzito wa maziwa, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Maziwa yaliyopungukiwa malai yatasoma juu kidogo, yaonekane mazuri kabisa. Nyumbani tia maziwa kwenye chupa nyembamba inayoonyesha ndani, iache mahali pa baridi usiku kucha, kisha pima unene wa malai kwa rula. Si kipimo cha maabara, lakini ukitumia chupa ileile kila Jumamosi utaona mabadiliko.

Ila kabla ya kujaza chupa hiyo, mkamue ng'ombe hadi mwisho na ukoroge ndoo nzima. Maziwa ya mwanzo ni membamba na yale ya mwisho ndiyo yenye malai mengi, hivyo anayeharakisha na kumwachia ndama matone ya mwisho, ndama ndiye atakayenenepa kwa malai hayo.