Volteji, mkondo na ukinzani: fuata maji kwenye bomba

Wanafunzi wengi hukariri V = I × R vizuri kabisa, lakini wakiwekewa rezista mbili mfululizo wanadhani ya kwanza "inakula" sehemu ya mkondo, na ya pili inapata uliobaki. Sivyo. Tuanze na maji, kisha tuhakikishe kwa maltimita. Utahitaji betri ya volti 9, rezista ya omu 100, nyingine ya omu 200 (zote za robo wati) na nyaya chache.

Hatua ya 1: Chora bomba linalozunguka

Chora pampu, bomba linalotoka upande mmoja wa pampu, likazunguka na kurudi upande wa pili. Bomba limejaa maji tangu mwanzo. Katikati ya njia weka vipande viwili vyembamba, cha pili kikiwa kinabana maji zaidi ya cha kwanza.

Pampu ndiyo betri. Kama vile pampu haitengenezi maji bali inayasukuma, betri nayo haitengenezi chaji; chaji zimo kwenye waya tayari. Kiasi cha maji kinachopita mahali fulani kwa sekunde ndio mkondo, unaopimwa kwa ampea. Tofauti ya presha kati ya sehemu mbili ndiyo volteji. Ugumu wa kipande chembamba kupitisha maji ndio ukinzani, unaopimwa kwa omu.

Zingatia maneno "kati ya sehemu mbili". Mkondo unapita ndani ya kitu, lakini volteji siku zote ni tofauti ya huku na kule.

Hatua ya 2: Jiulize maji yanaenda wapi

Kila lita inayoingia kipande cha kwanza lazima itoke na kuingia cha pili, maana hakuna tundu njiani. Kwa hiyo mtiririko ni uleule kila mahali. Kinachopungua ni presha: inashuka kiasi kwenye kipande cha kwanza, na inashuka zaidi kwenye kile kinachobana zaidi. Kipande cha pili pia kinapunguza mtiririko wa njia nzima, hata ule ulio kabla yake.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuunga

Ukinzani wote ni 100 + 200 = omu 300.

I = V / R = 9 / 300 = ampea 0.03, yaani miliampea 30.

Mkondo huo unapita kwenye rezista zote mbili. Volteji kwenye ya kwanza ni 0.03 × 100 = volti 3, na kwenye ya pili 0.03 × 200 = volti 6. Jumla ni 9, ile ile ya betri. Rezista ya pili inatoa joto la 6 × 0.03 = wati 0.18, chini ya robo wati, hivyo haitaungua, ingawa utahisi ina joto.

Hatua ya 4: Pima

Kwa volteji, gusisha ncha za maltimita pande mbili za rezista, bila kukata waya. Kwa mkondo ni lazima ukate njia na kuipitisha ndani ya mita. Fanya hivyo kabla ya rezista ya kwanza, baina ya rezista, na baada ya ya pili. Utasoma karibu 30 mara zote. Ikisoma 29 au 31 usihangaike. Rezista za kawaida hupotoka hadi asilimia 5, na betri mpya huzidi volti 9 kidogo.

Usiweke mita iliyo kwenye ampea moja kwa moja kati ya ncha za betri. Ukinzani wake ni mdogo mno, sawa na bomba pana lisilobana kitu, na fyuzi ya mita itakatika.

Hatua ya 5: Fungua njia, upime tena

Chomoa waya mmoja baina ya rezista. Mkondo ni sifuri. Sasa pima volteji kwenye rezista yoyote: sifuri. Pima kwenye pengo lenyewe: volti 9 nzima! Ni kama umefunga valvu: maji yamesimama, hakuna presha inayopotea kwenye vipande vyembamba, na tofauti yote iko kati ya pande mbili za valvu. Mafundi hutafuta waya uliokatika kwa njia hii hasa.

Mahali mfano unapoishia

Bomba likikatwa, maji yanamwagika. Waya ukikatwa, mkondo unasimama, kwa sababu hewa haipitishi umeme kirahisi. Upana nao una kanuni tofauti. Ukiongeza kipenyo cha waya mara mbili, ukinzani unabaki robo. Bomba lenye mtiririko wa taratibu, likipanuliwa hivyo hivyo, ukinzani wake unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo swali la unene wa waya lijibu kwa eneo la mkato wa waya, si kwa mabomba.