Risiti hazijafika na tarehe 20 inakaribia: namna ya kulifikisha suala kwa wakuu bila kumlaumu mtu

Mwongozo huu ni wa mhasibu anayeandaa ritani ya VAT Tanzania Bara, ambaye kazi yake imesimama kwa sababu risiti za EFD za manunuzi hazijafika kutoka idara nyingine. Ritani ya mwezi uliopita huwasilishwa TRA, na kodi yake kulipwa, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tarehe hiyo haisogei kwa sababu risiti ziko kwenye gari la mtu.

Mfano tutakaotumia ni ritani ya mwezi wa 5. Daftari la malipo linaonyesha manunuzi 31 yenye VAT. Risiti 17 zipo mezani na 14 hazipo. Hizo 14 zina thamani ya shilingi 23,600,000, VAT ikiwa ndani yake.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli umekwama

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, linganisha daftari la malipo na risiti zilizopo, moja baada ya nyingine. Pekua barua pepe, picha za WhatsApp na faili la marejesho ya masurufu. Mara nyingi risiti mbili tatu zinakutwa zimebanwa nyuma ya fomu ya masurufu, na hakuna jambo linaloharibu uhusiano wa idara mbili kama kudai karatasi ambayo tayari unayo.

Kisha tengeneza orodha ya zilizokosekana: tarehe ya malipo, jina la muuzaji, kiasi, na aliyechukua fedha. Orodha hii ndiyo mzigo wote wa suala lako. Ukisema "risiti za manunuzi hazijakamilika", mtu wa manunuzi hajui aanzie wapi. Ukimpa mistari 14, anajua.

Wakati huohuo endelea na mauzo na zile risiti 17, ili kinachosubiri kiwe kile tu ambacho hakiwezekani kufanyika.

Hatua ya 2: Hesabu siku kutoka mwisho kurudi nyuma

Tarehe 20 ni siku ya ritani kuwa imeingia. Kuhakiki risiti 14, kuingiza takwimu na kupata idhini ya malipo kunahitaji siku mbili, hivyo risiti zifike tarehe 18. Ili wakuu wapate muda wa kuamua na watu muda wa kutekeleza, suala liwe mezani kwao tarehe 16. Ombi la kawaida kwa idara ya manunuzi basi litoke si baada ya tarehe 12. Ukilipeleka suala kwa wakuu tarehe 19 unakuwa umewaletea msiba, maana hakuna uamuzi uliobaki wa kufanywa.

Hatua ya 3: Muulize mwenye kazi, na uulize sababu

Mpigie simu au mfuate ofisini, kisha mtumie orodha. Swali lenye manufaa ni hili: "Kati ya hizi 14, zipi zinaweza kufika kabla ya tarehe 18, na zipi zimekwama wapi?" Ukiuliza "lini mtaleta?" utajibiwa "kesho", na hutajua lolote zaidi.

Katika mfano wetu jibu linakuja hivi: risiti 9 ziko na madereva walio safarini Mbeya, na 5 ni za muuzaji mmoja ambaye mashine yake ya EFD ilikuwa mbovu siku ya mauzo. Sasa una matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja ambalo afisa manunuzi anaweza kulimaliza peke yake. Sababu hizo ndizo zitakazobeba ujumbe wako.

Hatua ya 4: Mwambie kabla hujaandika

Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha kuomba msaada na kushtaki. Mweleze: "Kaka, kesho saa 4 asubuhi nitawaandikia wakuu wetu wote wawili kuhusu hizi risiti, ili tupate uamuzi. Nimeandika hivi, angalia kama nimeelezea sawa upande wenu." Mtumie rasimu. Akirekebisha jambo, lirekebishe. Mtu asiyesoma habari zake kwa mara ya kwanza kwenye barua ya bosi hana haja ya kujitetea.

Mpitishie msimamizi wako pia. Katika ofisi zetu, kumwandikia mkuu wa idara nyingine bila msimamizi wako kujua huzua suala la pili juu ya lile la kwanza.

Hatua ya 5: Andika ujumbe

Uelekeze kwa wakuu wote wawili, wa Fedha na wa Manunuzi, kwenye mstari mmoja. Ukimwandikia mmoja na mwingine ukamwekea nakala tu, yule wa nakala atajiona ndiye mshtakiwa.

> Wakuu, habari za kazi.
>
> Tunaomba uamuzi wenu kuhusu ritani ya VAT ya mwezi wa 5 kabla ya kesho tarehe 17, saa 6 mchana.
>
> Risiti 14 kati ya 31 hazijafika. Tisa (VAT shilingi 2,160,000) ziko na madereva walio Mbeya. Tano (VAT shilingi 1,440,000) zinasubiri muuzaji, ambaye mashine yake ya EFD ilikuwa na hitilafu. Zisipofika tarehe 18, tutalipa shilingi 3,600,000 zaidi mwezi huu.
>
> Njia zilizopo:
> (a) Madereva watume picha leo, na risiti halisi zisafirishwe kwa basi zifike tarehe 18. Muuzaji apigiwe simu na Mkuu wa Manunuzi.
> (b) Tuwasilishe ritani bila risiti hizo, Fedha itenge nyongeza hiyo, na kodi idaiwe katika ritani inayofuata ndani ya muda wa kisheria.
>
> Tunapendekeza (a) kwa zile tisa na (b) kwa zile tano. Orodha imeambatishwa, na imepitiwa na idara zote mbili.

Kiasi cha VAT kinatoka kwenye bei yenye kodi ndani: 23,600,000 × 18 ÷ 118 = 3,600,000. Wengi hukosea hapa kwa kupiga asilimia 18 ya bei nzima na kupata 4,248,000. Mkuu akigundua kosa hilo, mjadala utakuwa juu ya hesabu yako.

Tazama pia vitenzi. "Hamjaleta risiti" inamnyooshea mtu kidole. "Risiti hazijafika" inasema jambo lilelile, na risiti ndiyo inayobeba kitenzi. Kiswahili kinakupa nafasi hiyo kwa kubadili kiambishi tu. Ondoa "mpaka leo", "licha ya kukumbushwa" na "kwa mara nyingine tena". Weka tarehe na saa badala yake. Usibandike chini mlolongo wa barua za zamani, kwa sababu utasomwa kama ushahidi wa mahakamani.

Kuficha sababu nako ni kosa. "Kuna changamoto kidogo" haimsaidii mkuu kuamua lolote.

Hatua ya 6: Baada ya uamuzi

Jibu kwenye barua ileile: nani anafanya nini, lini. Risiti halisi zikifika, hakikisha kila moja ina jina, TIN na VRN ya kampuni yako. Isiyo nazo irudishwe siku hiyohiyo. Tarehe 18 jioni ritani ifungwe kwa zilizopo, hata kama dereva mmoja yuko njiani, kwa kuwa kuchelewesha ritani nzima kunaleta adhabu na riba. Zile tano ziandike kwenye orodha ya mwezi wa 6, na umtumie afisa manunuzi nakala yake pamoja na shukrani, wakuu wakiwa kwenye barua hiyo pia.