Somo: Karbonili na haidroksili kwenye spektra moja ya infraredi, je, ni asidi au ni vitu viwili tofauti?

Wanafunzi wangu wengi wakiona kilele cha karbonili karibu na 1700 cm⁻¹ na mkanda mpana wa haidroksili upande wa kushoto, wanaandika mara moja "asidi kaboksiliki". Mara nyingi wanapatia. Lakini asetoni iliyoingia maji nayo inaonyesha karbonili na mkanda mpana, na ketoni yenye alkoholi ndani yake inafanya hivyo hivyo. Kinachoamua ni mahali mkanda ulipo na umbo lake. Nitawaonyesha kwa chupa moja niliyoikuta stoo bila lebo: kimiminika kisicho na rangi, harufu kali inayochoma pua kama siki lakini nzito zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha maji unayoyaona si yako

Nilitumia kifaa cha ATR, ambapo tone moja juu ya kioo linatosha. Safisha kioo kwa isopropanoli, kisha subiri kikauke kabisa kabla ya kupima usuli, yaani kipimo cha kioo kitupu. Hapa ndipo watu wanapojiponza. Isopropanoli ikibaki kioo kinapopokea sampuli, utapata haidroksili karibu na 3350 ambayo haimo kwenye chupa yako. Ikibaki wakati wa kupima usuli, kompyuta itaitoa kwenye spektra ya sampuli na kukuachia vilele vilivyogeuka juu chini.

Kama maabara yako bado inatumia sahani za chumvi ya mezani (NaCl), usiweke sampuli yenye maji. Sahani zitayeyuka taratibu na kuwa na ukungu.

Hatua ya 2: Soma karbonili kwanza

Karbonili ndiyo rahisi kuipata: kilele chenye nguvu, chembamba kiasi, kati ya 1650 na 1850 cm⁻¹. Yangu ilikuwa 1714. Andika namba hiyo, lakini usiitolee hukumu bado. Ketoni ya kawaida nayo inakaa karibu na 1715, kwa hiyo namba hii peke yake haitenganishi ketoni na asidi. Inachosaidia ni kuweka kando esta ya kawaida, ambayo hukaa karibu na 1740.

Hatua ya 3: Angalia mkanda unaanzia wapi na unaishia wapi

Hii ndiyo hatua yenyewe, msiipite haraka. Wengi wanasoma sehemu ya chini kabisa ya mkanda tu. Mimi nataka usome kingo zake. Chukua rula, chora mstari wa wima kwenye 3000, kisha jiulize: mkanda umeishia kushoto kwa mstari, au umeuvuka?

Haidroksili ya alkoholi na ya maji hukaa takriban 3200 hadi 3600. Inafanana na bakuli la mviringo, na vilele vya C–H vinasimama peke yake upande wa kulia wa mstari, chini kidogo ya 3000. Haidroksili ya asidi inaanzia karibu 3300 na kuteremka hadi 2500, na hivyo inavimeza vilele vya C–H. Kwenye spektra yangu vilele vya C–H vilichomoza karibu na 2980 kutoka ndani ya mkanda, kama miamba midogo maji yakikupwa. Karibu na 2650 kulikuwa na vinundu vidogo, navyo ni vya kawaida kwa asidi.

Kwa nini iwe hivyo? Molekuli za asidi kwenye kimiminika hushikana mbili mbili. Haidrojeni ya kila moja inavutwa na oksijeni ya karbonili ya mwenzake, kwa hiyo jozi ina bondi mbili za haidrojeni. Mvuto huo unalegeza bondi ya O–H, na mkanda unashuka. Unatanuka kwa sababu mvuto hauna nguvu sawa kila mahali, na pia kwa sababu mitikisiko mingine ya molekuli inachanganyika nao. Karbonili nayo inalegezwa kidogo. Ndiyo maana inasomeka karibu na 1714, wakati molekuli ya asidi iliyo peke yake ingesomeka karibu na 1760.

Hatua ya 4: Tafuta mashahidi wawili

Jozi ya asidi huacha alama nyingine. Nilipata kilele cha C–O karibu na 1240, na mkanda mpana wa wastani karibu na 935, ambao ni O–H ikijikunja nje ya bapa la jozi. Huo wa 935 naupenda sana, kwa sababu asetoni yenye maji hainao. Asetoni yenye maji ingeleta bakuli karibu na 3400 na kinundu karibu na 1640 kutoka kwa maji yenyewe.

Hatua ya 5: Hakiki nje ya mashine

Nilidondosha matone machache kwenye mmumunyo wa sodiamu baikaboneti, ukatoa povu la gesi. Kisha nikabadilisha kiasi kidogo kuwa chumvi ya sodiamu, nikaikausha, nikaipima. Kilele cha 1714 kilitoweka, na badala yake kukaja vilele viwili, kimoja karibu na 1560 na kingine karibu na 1420. Ketoni haiwezi kufanya hivyo.

Ila spektra haikuniambia ni asidi gani. Asidi fupi zinafanana mno. Nilipima gramu 0.150, nikaizimua kwa NaOH ya 0.100 M, ikatumia mililita 20.2. Hiyo ni milimoli 2.02, kwa hiyo uzito wa moli moja ni karibu gramu 74. Asidi ya ethanoiki ni 60, ya butanoiki ni 88, ya propanoiki ni 74. Kiwango cha kuchemka kilikuwa karibu 141 °C, nacho ni cha propanoiki.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Ketoni yangu ni kavu kabisa lakini naona kilele kidogo karibu na 3430. Maji yanatoka wapi?

Jibu: Marahaba. Hayo si maji. Zidisha namba ya karbonili yako kwa mbili: 1715 mara mbili ni 3430. Ni mwangwi wa karbonili yenyewe. Utautambua kwa udogo na wembamba wake, na 1640 hakutakuwa na kitu.

Swali: Mwalimu, sampuli ile ile kwenye sahani za chumvi ina mkanda mkubwa wa O–H, kwenye ATR umepungua. Sampuli imeharibika?

Jibu: Hapana, dada. Kwenye ATR mwanga huingia kina kidogo zaidi ndani ya sampuli kadiri namba ya mawimbi inavyopanda. Kwa hiyo upande wa 3000 unaonekana dhaifu ukilinganisha na upande wa 1000. Usilinganishe urefu wa vilele vya njia hizo mbili bila kusahihisha.

Swali: Nimeyeyusha asidi kidogo sana kwenye tetrakloroethilini. Sasa karbonili ziko mbili, 1760 na 1712, na kuna kilele chembamba karibu na 3530. Nimechafua?

Jibu: Hujachafua, kaka. Umezitenganisha baadhi ya jozi. 1760 na 3530 ni za molekuli zilizo peke yake, 1712 ni ya zile zilizobaki zimeshikana. Ongeza kiyeyushi upime tena: 1712 itapungua na 1760 itazidi.

Swali: Yangu ina karbonili 1738 na bakuli la 3450, C–H zinasimama wazi. Baikaboneti haitoi povu.

Jibu: Basi haidroksili na karbonili zako haziko kwenye kundi moja. Fikiria esta yenye alkoholi, mfano ethili laktati. Kabla ya hapo kausha sampuli kwa magnesiamu salfeti, chuja, upime upya. Bakuli likibaki vile vile, ni la molekuli. Likipotea, lilikuwa maji.